Nguo za Masika: Kwa Nini Huvunda Ndani ya Nyumba, na Hesabu ya Kuzikausha

Mwezi wa Mei, kusi linapokuwa limeshika na mvua ya masika ikinyesha usiku kisha kupumzika saa chache mchana, kamba za nguo katika Mji Mkongwe wa Lamu huhamia ndani ya nyumba. Nguo zilizofuliwa asubuhi hulala kwenye kamba, hulala tena, na zinapoanuliwa siku ya pili huwa na harufu ile ya uvundo ambayo hata pasi haiiondoi. Wengine huilaumu sabuni, wengine huyalaumu maji ya kisima. Lawama hizo zina ukweli wake, na nitarudi kwenye suala la maji, lakini chanzo chenyewe ni muda: ni idadi ya saa ambazo kitambaa kimebaki majimaji baada ya kufuliwa. Mambo mengine yote, kuanzia aina ya uzi hadi dirisha lililofungwa, yana umuhimu kwa sababu yanaurefusha au kuufupisha muda huo.

Harufu hiyo hutengenezwa na bakteria. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtambua mmoja wao wa jamii ya moraksela, ambaye huishi kwenye ngozi ya binadamu na kuhamia kwenye nguo, kuwa mtengenezaji mkuu wa asidi inayonuka katika nguo zilizochelewa kukauka. Bakteria huyo hula mabaki ya jasho na mafuta ya mwili ambayo ufuaji wa maji baridi hauyamalizi, huongezeka kwa kasi maadamu kitambaa kina maji, na sifa yake mbaya zaidi ni kwamba huvumilia ukavu. Nguo ikikauka yeye hutulia tu. Ikipata jasho au manyunyu huamka. Ndiyo maana shati linaweza kutoka kwenye pasi likiwa safi puani, kisha likaanza kunuka mtu akiwa bado njiani kuelekea kazini. Katika joto letu la nyuzi 26 hadi 28, nguo iliyokauka ndani ya saa tano au sita kwa kawaida hainuki, ilhali iliyolala majimaji usiku kucha karibu hakika itanuka. Ukungu, wenye kuacha madoa ya kawa, ni kiumbe mwingine na huchukua siku kadhaa badala ya saa. Tutaukuta mbele, ndani ya kabati.

Ili kuelewa kwa nini ukaushaji huchelewa, inafaa kufanya hesabu moja kwa utulivu. Tuchukue nyumba yenye nguo za siku mbili: vikoi viwili, jozi ya kanga, kanzu moja, suruali ya jinzi, sare za shule na taulo. Zikiwa kavu zina uzito wa kilo tatu hivi. Zikikamuliwa kwa mikono, na mtu mwenye nguvu za kawaida, kila kilo ya nguo hubaki na takriban kilo moja ya maji. Kwa hiyo kwenye kamba kumeanikwa lita tatu za maji, hata kama hakuna tone linalodondoka sakafuni. Chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu huwa chembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti zilizobeba dari; tukikadiria upana wa mita mbili na nusu, urefu wa mita sita na kimo cha zaidi kidogo ya mita tatu, tunapata kama mita hamsini za ujazo wa hewa.

Hewa ya nyuzi 27 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 26 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Wakati wa masika hewa hiyo huingia chumbani ikiwa tayari imebeba asilimia 80 ya mzigo wake, yaani gramu 21 kati ya 26. Nafasi iliyobaki ni gramu tano. Zidisha kwa mita hamsini, na utaona kwamba chumba kizima kina nafasi ya gramu 250, ambayo ni robo lita. Kamba ina lita tatu, hewa inapokea robo lita. Dirisha likifungwa, robo lita hiyo hujaa mapema, kisha ukaushaji husimama, na nguo hukaa pale zikiwa zimepoa, zimelowa na ziko gizani, wakati bakteria wanaendelea na kazi yao. Ili lita tatu zote zitoke, hewa ya chumba lazima ibadilishwe mara kumi na mbili kwa uchache, na kwa kweli ni zaidi, maana hewa haingoji kujaa kabisa ndipo itoke.

Hapa ndipo desturi moja inapopingana na hesabu. Watu wengi hufunga madirisha mvua inapoanza, kwa hoja kwamba nje kuna unyevu, na hoja hiyo inaonekana ya busara. Lakini kinacholinganishwa kinapaswa kuwa mvuke uliomo katika hewa mbili, ya nje na ya ndani. Mvua inaponyesha, hewa ya nje hupoa hadi nyuzi 25 hivi, na hata ikiwa imejaa asilimia 95, huwa na gramu 22 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupata joto la nyumba la nyuzi 28, gramu hizo 22 huwa ni kama asilimia 80 tu ya uwezo wake mpya. Chumba chenye nguo mbichi kina zaidi ya hapo. Kwa hiyo maadamu kuna nguo majimaji kwenye kamba, dirisha lililo wazi husaidia hata mvua ikinyesha, mradi rasharasha zenyewe zisizifikie nguo. Kinachotakiwa ni matundu mawili, moja la hewa kuingia na jingine la kutokea, kwa sababu dirisha moja peke yake huzungusha hewa ile ile karibu na mlango wake.

Kwa nyumba za Lamu jambo hili huamua pia ghorofa ya kuanikia. Vyumba vya ndani kabisa vya ghorofa ya chini, vilivyojengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe ili viwe na ubaridi na faragha, ndivyo vibaya kuliko vyote kwa kazi hii. Mahali bora ni juu, chini ya paa la makuti, ambako pande ziko wazi na kusi hupita bila kuombwa. Tahadhari ni moja tu: kusi huleta mvua kwa upande, hivyo kamba ifungwe upande wa kaskazini wa paa, mbali na ukingo kwa hatua mbili tatu. Asiye na paa la makuti atumie ukumbi unaofunguka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, au chumba chenye madirisha pande mbili.

Upepo usipokuwepo, feni hufanya kazi yake. Kitambaa kilicholowa huvaa ngozi nyembamba ya hewa iliyojaa mvuke, iliyoganda juu yake, na maji hayawezi kutoka kabla ngozi hiyo haijaondolewa. Feni huiondoa kila sekunde. Feni ya wati 60 ikizungushwa kwa saa nane hula karibu nusu uniti ya umeme. Kwa kulinganisha, kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwa joto huhitaji si chini ya theluthi mbili za uniti, kwa hiyo anayezikausha lita tatu kwa pasi hutumia uniti mbili na zaidi, na bado mishono hubaki na ubichi. Feni ielekezwe kwenye nguo kutoka pembeni, chini kidogo, kwa kuwa maji hushuka kwenye pindo na kiunoni. Feni ya dari husaidia, ila hupuliza sehemu za juu za kamba ambazo hukauka zenyewe. Ikumbukwe pia kwamba feni haiondoi mvuke chumbani. Huutoa kwenye nguo tu, na bila dirisha wazi mvuke huo hubaki humo humo.

Kuhusu kukausha kwa jiko, maneno machache yatosha. Gesi ya kupikia inapoungua hutoa maji yake yenyewe, zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke kwa kila kilo ya gesi, kwa hiyo huongeza shida inayotaka kuitatua. Makaa hayaongezi mvuke mwingi, lakini katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Hakuna kikoi chenye thamani hiyo.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuyaondoa maji kabla hayajafika kwenye kamba, kwa sababu maji yanayotoka kwa kukamuliwa hayahitaji hewa wala umeme. Mashine yenye pipa la kuzungusha huacha takriban nusu kilo ya maji kwa kila kilo ya nguo badala ya kilo nzima, nayo huigawa kazi ya hewa mara mbili. Asiye na mashine ana taulo. Nguo iliyokwisha kukamuliwa hutandazwa juu ya taulo kavu, vyote viwili hukunjwa pamoja kama mkeka, kisha hukanyagwa kwa miguu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Taulo litalowa na kuhitaji kuanikwa nalo, hilo ni kweli, hivyo njia hii itumike kwa nguo mbili tatu zinazohitajika kesho yake, sare ya shule kwa mfano, badala ya kuitumia kwa ndoo nzima.

Sasa tuje kwenye uzi, maana nguo mbili zilizoanikwa pamoja huweza kupishana kwa siku nzima. Pamba hunywa maji hadi ndani ya uzi wenyewe, ambao huvimba; maji yaliyo kati ya nyuzi hutoka kwanza na haraka, yale ya ndani hutoka mwishoni na polepole. Poliesta hainywi. Maji hukaa juu yake na kati ya nyuzi zake tu, na ndiyo sababu buibui la poliesta huwa limekauka wakati shati la pamba la jirani yake bado ni zito. Reyoni, ambayo madera mengi yametengenezwa kwayo, hunywa kuliko pamba na hudhoofika sana ikiwa na maji, kwa hiyo isikamuliwe kwa kusokotwa. Ibanwe kwenye taulo ilivyoelezwa. Sufu, kwa wachache walio nayo Pwani, hunywa zaidi na hukawia sana.

Hata hivyo aina ya uzi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni unene, yaani maji mangapi yako nyuma ya kila kiganja cha kitambaa. Kanga na jinzi zote ni pamba, lakini kipande cha jinzi kina uzito kama mara nne wa kipande cha kanga chenye ukubwa ule ule, na maji yake ni mara nne vilevile, ilhali uso wa kutolea maji hayo ni sawa. Kanga iliyokunjwa mara mbili juu ya kamba imejigeuza kuwa kitambaa kinene. Basi kanga na kikoi vitandazwe vyote, au kikoi kipitishwe juu ya kamba mbili zilizoachana kwa shubiri moja, ili katikati yake pawe na njia ya upepo. Jinzi igeuzwe nje ndani, mifuko itolewe, zipu ifunguliwe, na ianikwe kwa kiuno kikiwa wazi kama mdomo wa gunia. Pale kwenye kiuno na mishono kitambaa huwa tabaka nne au zaidi, na pale ndipo uvundo huanzia. Kanzu ikae kwenye henga yenye mabega mapana. Kati ya nguo moja na nyingine ibaki nafasi ya upana wa kiganja. Kamba iliyosongamana haikaushi nguo nyingi kwa mara moja. Huzichelewesha zote, na ni afadhali kufua nusu leo na nusu kesho.

Poliesta ina deni lake pia, na wengi hawalijui. Haipendi maji lakini inayapenda mafuta, hivyo mafuta ya mwili hung'ang'ania kwenye uzi wake na kuwalisha bakteria wakati ujao. Jezi ya mpira inayonuka hata ikikauka upesi imefuliwa kwa maji baridi mara nyingi mno. Hiyo huhitaji maji ya moto kiasi na sabuni ya kutosha, pamoja na kuloweka kwa nusu saa.

Suala la maji ya kisima sasa. Visima vingi vya mjini Lamu vina maji ya chumvichumvi, na nguo iliyosuuzwa kwayo hukauka ikiwa imebaki na chumvi ndani. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta mvuke na kuyeyuka hewa inapofikia kama asilimia 75 ya mzigo wake, na chumvi nyingine zilizomo baharini, hasa ile ya magnesi, huvuta mvuke hata hewa ikiwa kavu zaidi. Wakati wa masika hewa yetu haishuki chini ya kiwango hicho isipokuwa saa chache za mchana. Maana yake ni kwamba nguo yenye chumvi haiwezi kukauka kabisa hata ikiachwa wiki. Itafikia mahali fulani na kubaki na unyevunyevu wa kunata, kama wanavyojua wavuvi na kila aliyekaa mbele ya mashua. Dalili yake ni rahisi: nguo huonekana imekauka mchana jua likichomoza kidogo, na jioni huwa imerudi ubichi bila kuguswa na mvua. Dawa yake imo katika mvua yenyewe. Maji ya jabia, au ya bomba la paa baada ya mvua ya kwanza kuliosha paa hilo, hayana chumvi, na ndiyo ya kusuuzia mara ya mwisho. Kufua kunaweza kufanywa kwa maji ya kisima. Ni suuzo la mwisho linaloamua.

Kujua kama nguo imekauka ni kugumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu pamba iliyo katika hewa ya masika hubaki na maji kidogo daima, kama gramu mia katika kilo, na hayo hayana madhara. Mkono peke yake hudanganywa. Kipimo bora ni kuigusisha mishono, kwapa na kiuno kwenye shavu: penye ubaridi bado maji yanatoka, kwa maana maji yanapotoka hubeba joto. Kipimo cha pili ni pasi yenye moto iliyowekwa juu ya mshono kwa sekunde mbili. Mvuke ukipanda, nguo irudi kwenye kamba. Anayetaka uhakika atumie mizani ya jikoni, aipime jinzi kabla ya kuifua na aipime tena kabla ya kuikunja.

Uangalifu huo una sababu, nayo ni kabati. Tufanye hesabu ile ile kwa udogo. Kabati lenye ujazo wa mita moja lina nafasi ya gramu tano za mvuke. Suruali moja ikiingizwa ikiwa na gramu hamsini za ziada, kiasi ambacho kiganja hakikitambui, hewa ya kabati hujaa mara moja na kubaki imejaa, na nguo zote zilizokuwa kavu huanza kunywa mvuke huo. Ukungu huota palipo na hewa ya zaidi ya asilimia 80 kwa siku kadhaa mfululizo, na hewa ya kabati lililofungwa sasa imepita hapo. Hali huzidi kabati likiwa limeegemezwa kwenye ukuta wa nje wa matumbawe, ambao hunywa mvua na kubaki baridi. Liondolewe ukutani kwa upana wa mkono, milango ifunguliwe saa za mchana palipo na jua au upepo, na nguo zisishindiliwe.

Kufukiza nguo kwa udi ni starehe njema, ila udi hufunika harufu na hauui kitu. Moshi juu ya nguo yenye ubichi hutoa harufu ya tatu, ambayo ni mbaya kuliko mbili zilizotangulia. Chetezo kiwekwe baada ya kipimo cha shavu.

Nguo iliyokwisha kuvunda haiponi kwa kufuliwa tena kwa maji baridi. Joto la nyuzi 60 huwaua bakteria hao, na hupatikana bila kipimajoto: lita tatu za maji yanayochemka zikichanganywa na lita mbili za maji ya bomba hutoa nyuzi 70 hivi, ambazo hushuka kuelekea 60 nguo zikitiwa. Loweka kwa nusu saa pamoja na sabuni, ukizizamisha kwa kijiti na si kwa mkono, kisha fua na anika mahali penye upepo. Pamba nyeupe na taulo huvumilia. Hariri, sufu na nguo zenye mpira hazivumilii, na za rangi zijaribiwe pembeni kwanza.

Kawa huhitaji hatua ya ziada. Nguo ipelekwe nje na ukungu usuguliwe ukiwa mkavu, maana ukisuguliwa ukiwa na maji huingia ndani ya uzi. Kisha ndipo maji ya moto. Doa jeusi likibaki kwenye pamba nyeupe, dawa ya klorini iliyopunguzwa kwa maji huliondoa, lakini isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Kwenye nguo ya rangi doa hilo mara nyingi ni la kudumu, kwa kuwa rangi ya ukungu imeshaingia ndani ya uzi.

Kofia za vito zina jambo lao. Wanga unaozifanya zisimame ni chakula kizuri cha ukungu, kizuri kuliko pamba yenyewe, na kofia iliyowekwa na wanga wake tangu mwezi wa Aprili huonekana Juni ikiwa na vidoa vya kijivu kuzunguka matundu ya urembo. Ile isiyovaliwa msimu huu ifuliwe wanga wote utoke, isuuzwe kwa maji ya mvua, ikaushwe juu ya bakuli lililogeuzwa, na iwekwe ikiwa laini hadi masika yaishe ndipo itiwe wanga upya.